Picha ya swali lenye Kiarabu, herufi za Kilatini na alama: BC = 0 inawezekana vipi?

#1 Kifungo
Wakuu, salaam. Nimetumiwa picha ya swali la hesabu. Karatasi ilikunjwa katikati na picha imepigwa kwa upande, kwa hiyo haionekani vizuri sana. Maneno ni ya Kiarabu, lakini pembetatu inaitwa ABC, kuna pointi D, kuna x, na alama za =, ∠, + na − kama zetu. Kiarabu sijui, nikaona ninakili visivyo Kiarabu tu, nianzie kushoto kama ninavyosoma kila siku.

Mstari wa juu nimepata hivi: ∠ABC = 7.° halafu BC = 0 cm halafu AB = 1r cm. Hiyo r nimeipa 2 kwa kubahatisha. Mstari wa pili umeanza na 1 kwenye mabano, uliobaki ni Kiarabu kitupu. Mstari wa tatu nimepata DC = x + 1 halafu 9BD = x − 2.

Sasa, BC ikiwa 0 pembetatu inatoka wapi? Swali limekosewa au ni mimi?

#2 Jicho la Tatu
BC = 0? Mimi nilidhani BC ni kabla ya Kristo. Na mwaka sifuri haupo mkuu, tumetoka 1 KK tukaingia 1 BK. Swali limekosewa.

#3 Bint Rula
Swali liko sawa, Kifungo. Umesoma tarakimu za Kiarabu kwa macho ya tarakimu zako. Kile kiduara ulichokiita 0 ni ٥, yaani tano. Sifuri yao ni kitone, ٠. Na ile uliyoiona kama 7 ni ٦, sita. Kwa hiyo "7." yako ni ٦٠, sitini: sita, halafu kitone ambacho ndicho sifuri yenyewe. Kiduara kidogo cha juu kilichofuata ni alama ya digrii, hicho umekipata. Ile r ni ٢, mbili, umebahatisha vizuri.

Basi mstari wa juu ni AB = ١٢ cm, BC = ٥ cm, ∠ABC = ٦٠°. Pembetatu ya kawaida kabisa.

Una bahati kwamba kosa moja lilikupigia kelele. BC ikiwa 0 kila mtu anashtuka. Ungeipata 5 sawasawa ukabaki na 7° yako, ungetafuta eneo kwa nusu ya 12 × 5 × sin 7° ukapata kama 3.66, na hakuna ambacho kingekuambia umepotea. Jibu lenyewe ni nusu ya 12 × 5 × sin 60°, yaani 15√3, karibu 25.98 sentimita za mraba.

#4 Ustadhi Nusu
Bint Rula umeharakisha. Kiarabu husomwa kutoka kulia. ١٢ ukiisoma kutoka kulia ni mbili halafu moja, yaani 21. Na ٦٠ itakuwa sifuri sita. Mimi nimekaa madrasa miaka sita, herufi hizi nazijua.

#5 Bint Rula
Herufi unazijua, sina ubishi. Lakini namba haigeuki. Tarakimu kubwa hukaa kushoto hata katikati ya mstari wa Kiarabu, kwa hiyo ١٢ ni kumi na mbili tu. Angalia namba za kurasa za msahafu wowote: baada ya ukurasa wa ١٢ inayofuata ni ١٣, na kinachobadilika ni cha kulia.

#6 Ustadhi Nusu
Hapo kwenye kurasa umenikamata. Ila hoja yangu ina mguu mmoja wa kusimamia. Mwarabu akitamka 25 husema khamsa wa ishrini, tano na ishirini. Anaanza na ya kulia. Kwa hiyo yeye anaisoma kutoka kulia kweli, ni sisi tunaoisoma kutoka kushoto.

#7 Mchunga Namba
Hiyo ndiyo sababu namba zao zinakaa hivyo, kidogo mbele kwa msomaji wa kulia, kikubwa mwisho.

#8 Karatasi Mbili
Nijuavyo mimi namba zilitoka India, ambako wanaandika kutoka kushoto, zikachukuliwa na mpangilio wake bila kuguswa. Na hoja ya Ustadhi inaishia kwenye 125, kwa sababu husemwa mia, na tano, na ishirini. Hapo anaruka kushoto, anakwenda kulia, anarudi katikati.

#9 Jicho la Tatu
Nilitaka kusema "nimekaa pale kushoto nasubiri majibu", lakini kwa uzi huu sijui nikae upande gani.

#10 Ustadhi Nusu
Tuyaache hayo, maana hatutayamaliza. Kifungo, nakusaidia maneno. Mstari wa pili hauanzi na 1. Ile ni alifu yenye hamza kichwani, (أ), kama sisi tunavyoandika (a). Mstari wa tatu unaanza na (ب), yaani (b). Alifu na moja ya Kiarabu zote ni mchirizi uliosimama, ndiyo maana umechanganya.

Mstari wa pili unasema: tafuta masafa ya pembetatu ABC. Mstari wa tatu unasema D, halafu nukta, halafu "juu ya BC". Hiyo nukta ni kama ya desimali nadhani.

#11 Bint Rula
Kwenye (أ) na (ب) umesema kweli tupu. Hayo mengine mawili tuyatazame taratibu.

Neno ni مساحة, eneo. Wewe umesoma مسافة, masafa. Tofauti ni herufi moja tu, ح na ف, na kwenye picha yenye ukungu kitone cha ف hupotea, kwa hiyo akili yako imekirudisha kitone ambacho hakikuwepo. Hapo vitone usivitegemee, tegemea umbo. Kabla ya herufi hiyo kuna alifu, na alifu haiungi na herufi inayoifuata, kwa hiyo inayofuata inaanza upya. Ikiwa ف utaona kitanzi kidogo kilichofunga. Ikiwa ح utaona kona iliyo wazi, kama mdomo wa ndege. Kwenye picha ya Kifungo kona iko wazi hata ukiikuza. Halafu masafa ya pembetatu ni kitu gani?

Na نقطة hapa si kitone cha desimali. Ni pointi. "D ni pointi juu ya BC." Neno letu nukta limetoka huko huko, ila kwetu limebaki na maana ya kitone.

#12 Ustadhi Nusu
Nimepigwa kwa neno la Kiswahili. Haya, nakubali.

#13 Kifungo
Shukrani sana nyote. Basi (أ) nimeelewa, 15√3. Sasa (ب). Nimefanya hivi: BC ni 5, na D iko juu yake, kwa hiyo BD + DC = 5. Nimesoma DC = x + 1 na 9BD = x − 2, kwa hiyo BD ni (x − 2) gawa kwa 9. Nimepata x = 3.8, BD = 0.2, DC = 4.8. Zikijumlishwa ni 5 kamili. Imekaa vizuri, siyo?

#14 Mchunga Namba
Nimehakiki, 3.8 ni sahihi. Uzi ufungwe.

#15 Fundi Fonti
Usifungwe. Mimi kazi yangu ni kupanga kurasa za lugha mbili, na hiyo 9 imenikera tangu post ya kwanza. Tisa ya Kiarabu ni ٩. Herufi wau, ambayo peke yake maana yake ni "na", ni و. Zitazame zikiwa pamoja na maneno katikati: ٩ hapa, و pale. Zote ni kitanzi chenye mkia.

Sasa fikiria mstari unavyotembea. Sentensi ni ya Kiarabu, inaanza kulia na (ب), inakuja kushoto. Ikikutana na kisiwa cha Kilatini, jicho linaruka hadi mwanzo wa kisiwa upande wa kushoto, linakisoma kwenda kulia, kisha linaruka tena kushoto ya kisiwa kuendelea na Kiarabu. Kifungo wewe uliyeanzia kushoto umekuta kisiwa cha mwisho kwanza. Kwa mwandishi, BD = x − ٢ ilikuja kwanza, halafu kile kitanzi, halafu DC = x + ١. Kitanzi kiko katikati ya visiwa viwili. "BD ni hivi NA DC ni hivi." Kwa kuwa kimeangukia kushoto ya BD, wewe umekifanya tisa ya kuzidishia.

#16 Bint Rula
Naam, na hesabu yake ikiwa ni wau ni hii: (x − 2) + (x + 1) = 5, kwa hiyo 2x = 6, x = 3. BD = 1, DC = 4. Namba nzima, safi.

#17 Mchunga Namba
Usafi si hoja. 3.8 nayo inakubali kila sharti: BD chanya, DC chanya, jumla 5. Nani kasema majibu lazima yawe namba nzima?

#18 Bint Rula
Hapo una haki, na ndicho kinachonitisha katika swali hili. Kujumlisha kumegundua makosa mengine. Kwa mfano mtu akisogeza kitanzi upande wa pili akasoma x + ١٩, atapata 2x + 17 = 5, x = −6, na BD inakuwa −8, anajua amekosea. Lakini 9BD inapita mtihani wote. Hesabu haiwezi kutuamulia, inabidi turudi kwenye wino.

#19 Karatasi Mbili
Kuna jambo lingine hamjaligusa. Mnajuaje ni x − ٢ na siyo ٢ − x? Vitabu vya Misri nilivyowahi kuona hutumia س badala ya x, na fomula nzima hutembea kutoka kulia. Humo ukiona س kushoto, kutoa katikati na ٢ kulia, ni mbili kutoa س. Vitabu vya Moroko huandika x na y na fomula hutoka kushoto, lakini tarakimu zao ni 1 2 3 hizi hizi zetu. Picha ya Kifungo imechukua herufi za huku na tarakimu za kule.

Nauliza kwa sababu yaliwahi kunikuta. Nilitumiwa zoezi lisilo na herufi kabisa: kushoto ٤, katikati ÷, kulia ١٢. Mimi nikaandika theluthi moja, mwenzangu akaandika 3, na hakuna aliyeweza kumshinda mwenzake. Mpaka leo sijui mwandishi alitaka ipi.

#20 Bint Rula
Swali zuri. Hapa tuna vishikizo viwili. Kwanza, cm imekaa kulia ya namba. Fomula ingekuwa ya kutoka kulia, kipimo kingekuja kushoto ya namba, na pengine kingeandikwa سم. Pili, jaribu: ikiwa BD ni 2 − x na DC ni 1 + x, jumla yake ni 3, x ikiwa namba yoyote ile. BC ni 5. Haiwezekani. Kwa hiyo ni x − ٢.

La kwako la ٤ na ١٢ halina kishikizo hata kimoja, labda uangalie maswali ya jirani kwenye ukurasa huo huo.

#21 Karatasi Mbili
Ukurasa wenyewe ulikatwa, nilipewa kipande tu. Aliyenitumia aliona maswali mengine yananisumbua bure.

#22 Mchunga Namba
Bint, ukichukua 9 yangu pamoja na 2 − x?

#23 Bint Rula
x inakuwa 4.25, BD inakuwa hasi. Umeipoteza hiyo, lakini 9BD = x − ٢ bado unayo.

#24 Ustadhi Nusu
Wazee, kuna jini. Nimeandika mstari wa (ب) kwenye simu yangu, kibodi ya Kiarabu, neno kwa neno, na skrini inanionyesha ٢ kushoto kabisa, halafu −, halafu BD = x. Yaani "mbili kutoa BD ni sawa na x". Sijaandika hivyo! Hata hapa, nimeandika ٣ - ٥ nikaanza na tatu.

#25 Jicho la Tatu
Mimi hapo naona tano iko kushoto. Ustadhi, madrasa walikufundisha na mazingaombwe?

#26 Fundi Fonti
Si jini. Simu huhifadhi herufi kwa mpangilio ulioziandika, kisha skrini ndiyo huamua zikae wapi. Tarakimu zetu 0 hadi 9 zikifuata herufi ya Kilatini hushikamana nayo, kwa hiyo "BD = x - 2" hubaki kipande kimoja hata ndani ya aya ya Kiarabu. Tarakimu za ٠ hadi ٩ hazishikamani na Kilatini. Ndani ya aya ya Kiarabu ile alama ya kutoa inabaki katikati ya x na ٢ bila mwenyewe, inafuata mwelekeo wa aya, na ٢ inasukumwa kushoto. Hiyo ٣ na ٥ yako ni jambo la aina hiyo hiyo: alama ya kutoa iliyo katikati ya tarakimu mbili za Kiarabu hugeuka kwenda kulia-kushoto, hata kama maneno ya pembeni ni Kiswahili.

Kwa ile ya BD, dawa ni kuizungushia fomula alama mbili zisizoonekana, ambazo Yunikodi ilizileta mwaka 2013:

```
U+2066  BD = x − ٢  U+2069
```

Ya kwanza inasema "kuanzia hapa ni kushoto kwenda kulia", ya pili inafunga. Kwa hiyo mtu akikutumia maandishi badala ya picha, usiamini mpangilio unaouona. Picha angalau haigeuki.

#27 Kifungo
Kumbe. Lakini kwenye picha yangu x − ٢ imekaa sawa, haikugeuka.

#28 Fundi Fonti
Ndiyo, na hilo linaniambia aliyeandika alitumia kisanduku cha fomula, hakuchapa moja kwa moja kwenye sentensi. Hapo ndipo hoja yangu ya wau inapata nguvu. Ingekuwa tisa ya kuzidishia BD, ingekuwa ndani ya kisanduku: ingebanana na B, ingekuwa na unene ule ule wa ٢ na ١, na shina lake lingesimama juu ya mstari. Wau ni ya sentensi: ina nafasi pande zote mbili, unene wa maneno, na mkia wake huzama chini ya mstari. Kifungo, kuza picha, uniambie mkia unakwenda wapi.

#29 Kifungo
Mkunjo wa karatasi unapita hapo hapo. Chini ya kitanzi kuna kivuli. Nafasi kati yake na B naiona, ila si kubwa.

#30 Mchunga Namba
Na mimi nina langu. Mstari wa kwanza una masharti matatu, na mwandishi ameyatenganisha kwa koma ya Kiarabu, ، , bila "na" hata moja. Kwa nini mstari wa tatu abadilishe mtindo? Angetaka kutenganisha angeweka koma. Kitanzi ni tisa.

#31 Bint Rula
Kama ni tisa, basi kati ya fomula mbili hakuna koma wala "na". Zimegandana tu. Hilo ni geni zaidi kuliko kubadilisha mtindo. Mimi nabaki na x = 3.

#32 Mchunga Namba
Au koma iko ndani ya mkunjo.

#33 Fundi Fonti
Inawezekana. Koma ya Kiarabu ni ndogo, picha ikipita simu tatu inaliwa kabla ya kitu kingine chochote. Ikifuatiwa na kitone cha sifuri.

#34 Karatasi Mbili
Hilo la kitone nalithibitisha. Niliwahi kupokea ٥٠ iliyofika kama ٥. Nikamlaumu mwandishi wiki nzima, kumbe picha ilibanwa njiani. Mara nyingine ilikuwa kinyume, vumbi la kioo cha skana likaifanya tano kuwa hamsini. Siku hizi naomba picha ya asili, na nikipata kitone naangalia kama kiko kwenye kimo cha katikati ya tarakimu. Cha sifuri hukaa hapo. Cha mwisho wa sentensi hukaa chini.

Na Kifungo, hizo tano zako zina duara kamili? Nimewahi kuhangaika na 5 inayofanana na moyo uliogeuzwa, ۵, na 4 na 6 nisizozijua. Kumbe kitabu kilikuwa cha Kiajemi.

#35 Kifungo
Duara kamili. Ni ya Kiarabu basi.

Aliyenitumia nimempigia. Anasema karatasi anayo, ataipasi kwa pasi ya nguo kisha aipige picha tena kutoka juu.

#36 Jicho la Tatu
Mwambie asipitishe pasi juu ya kitone cha sitini, turudi kwenye digrii 6.

#37 Mchunga Namba
Na mkia. Asiupashe moto ukanyooka.